Kuhakiki kiasi cha risiti ya EFD kwa QR

Swali: "Programu yangu inasoma jumla kutoka picha ya risiti ya EFD, ila mara nyingine inakosea tarakimu. QR ya chini inaweza kunisaidia?"

Inasaidia, ila wanaosema kiasi kimo ndani ya QR wako nusu sahihi. QR ya risiti za TRA hubeba kiungo tu, chenye msimbo wa uhakiki na saa ya risiti:

```
https://verify.tra.go.tz/MSIMBO_143205
```

Kiasi kiko kwenye ukurasa unaofunguka. Kabla ya kuufungua, hakikisha anwani ni hiyo hasa, maana QR ya kughushi inaweza kukupeleka kwingine. Halafu linganisha 143205 na saa iliyochapwa, 14:32:05.

Tuseme programu imesoma jumla 84,900, na ukurasa unaonyesha 55,000 kabla ya kodi, kodi 9,900, jumla 64,900. Asilimia 18 ya 55,000 ni 9,900, kwa hiyo hesabu inafunga: 6 imesomwa kama 8. Chukua ya ukurasa, lakini hifadhi zote mbili ili mtu aangalie picha. Risiti yenye bidhaa zisizo na VAT haitafuata 18% ya jumla yote, usiikatae kwa hilo.

QR isomwe kwenye picha asilia, kabla hujaipunguza. Iliyopitia Watsapu mara nyingi vijiraba vyake vimeshaungana. Ukurasa ukikosa risiti, jaribu tena baadaye: huenda mashine bado haijatuma taarifa.

Mwingine: Yangu imefifia kabisa, QR haisomeki. Nifanyeje?

Jibu: Ukiweza kusoma msimbo na saa, fungua verify.tra.go.tz uviandike kwa mkono.