Kugeuza maoni yako yawe makala fupi ya jarida

Juzi nilikaa na mwalimu mwenzangu wa Kiswahili hapa Kampala, alikuwa na maoni yake makali aliyoyaandikia gazeti na sasa anataka yaingie jarida la kitaaluma, na sentensi yake kuu ilikuwa hii: "Serikali ya Uganda haijawahi kukitaka Kiswahili."

Gazetini inapita, kwa jarida haipiti kabisa. "Kukitaka" huwezi kukipima, na "haijawahi" inaangushwa na mfano mmoja tu. Na mfano upo: marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Sasa usikasirike ukifuta madai yako, soma hicho kifungu chenyewe, ibara ya 6(2), inasema lugha hiyo itatumika katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Hapo ndo hoja yake halisi ilikuwa imejificha! Tukaandika upya: "Katiba imekipa Kiswahili hadhi, lakini matumizi yake imeyaachia sheria ya Bunge." Ni dai dogo kuliko la kwanza ila anayelipinga anajua afungue wapi.

Kwa dai hilo unarejelea Katiba yenyewe, si gazeti lililoitaja. Gazeti linatosha kwa tukio, mfano Julai 2022 baraza la mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kiwe lazima shule za msingi na sekondari. Lakini angalia, chanzo hicho kinathibitisha uamuzi tu, hakithibitishi kwamba watoto wanafundishwa, na hapa ndo wengi wanateleza, wanaweka rejea ya uamuzi halafu wanaandika kana kwamba imeshatekelezwa. Ukitaka kusema shule hazina walimu tafuta ripoti ya wizara au utafiti uliofanyika shuleni, na ukikosa, ondoa sentensi.

Gumu zaidi lilikuwa lile la "watu wanakichukia kwa sababu ya askari wa Amin". Humo mna madai mawili. Kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini, hilo utapata kwa wanahistoria. Kwamba chuki ya leo imetokana na hilo, unahitaji utafiti uliouliza watu wenyewe, na kama waliulizwa wakazi wa mji mmoja basi andika mji huo, usiandike "Waganda". Bibi yake aliyenyanyaswa na askari anaweza kubaki kwa sentensi moja kama sababu ya yeye kuuliza swali, si kama ushahidi wa nchi nzima.

Rejea iweke palepale kwenye sentensi inayoihitaji, si kurundika nne mwisho wa aya, maana msomaji hatajua ipi inabeba nini.

Maoni yake hayajapotea lakini, yamehamia aya ya mwisho: Bunge litunge hiyo sheria, likianza na mahakama na ofisi za wilaya. Pendekezo hilo halihitaji rejea, ni lake, ila linatoka moja kwa moja kwenye ibara ya 6(2).