Gia, kaboni na ugumu wa ndani

"Nikiiacha gia motoni masaa mengi zaidi si itakuwa ngumu mpaka ndani?"

Usifanye hivyo kaka. Chuma cha gia hiyo kina kaboni kama asilimia 0.2 tu, ukikifukia kwenye unga wa mkaa ndani ya boksi lililozibwa, nyuzi 925 hivi, kaboni inapenya taratibu toka nje mpaka ngozi inafika kama 0.8, na hiyo ndo inakuwa ngumu sana ukizamisha kwenye oili. Ndani haijafika, kwa hiyo hata ikipoa ghafla panameza kishindo bila kupasuka. Na ukitaka kaboni ipenye kina mara mbili, masaa yanakuwa mara nne. Ukizidisha, kwenye jino jembamba ngozi za pande zote zinakutana nchani, linakatika kama kigae. Pika na kipande cha chuma hichohicho, kizamishe pamoja, kivunje: ukingo una chembe laini, katikati nyuzinyuzi, pima unene wa ukingo huo, ndo kina kaboni ilichofika.