Samaki walikuwa haba: minofu iliyo stoo imegharimu kiasi gani?

Swali: Shikamoo mkaguzi. Nakagua kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Gharama zisizobadilika za kiwanda ni shilingi bilioni 2.4, na mhasibu kazigawa kwa kilo milioni 2 alizozalisha mwaka huu, mwaka ambao samaki walikuwa wachache. Mwisho wa mwaka stoo ina tani 120. Samaki na vibarua kawaweka kwa viwango alivyopanga mwaka jana, na tofauti zote kazipeleka kwenye gharama ya mauzo. Thamani yake ya stoo imekaribiana sana na makadirio yangu. Nipite au nichimbe?

Jibu: Marahaba. Chimba, tena kwa sababu hiyohiyo ya kukaribiana. Kwa maelezo yako naona makosa yanayovuta pande mbili, moja linapandisha stoo na mengine yanaishusha. Jumla ikikaa sawa kwa namna hiyo, mwakani kosa moja likibadilika hesabu yote itayumba na hutajua kwa nini.

Anza na ule mgawanyo. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa stoo, IAS 2, inataka gharama zisizobadilika zigawanywe kwa uwezo wa kawaida wa kiwanda, yaani wastani wa uzalishaji wa misimu kadhaa katika hali ya kawaida, ukishaondoa siku za matengenezo yaliyopangwa. Samaki wakiadimika, mshahara wa meneja wa kiwanda na uchakavu wa mitambo haviifanyi kilo moja ya minofu kuwa na thamani zaidi. Usichukue uwezo ulioandikwa kwenye karatasi za mitambo, maana hakuna kiwanda kinachoufikia mwaka mzima. Wala usipokee jedwali la meneja bila kulipima. Chukua daftari la mapokezi ya samaki la miaka minne au mitano, jumlisha mwenyewe, kisha linganisha na kilo zilizopakiwa. Uhaba ukidumu miaka mingi, huo nao hugeuka kuwa hali ya kawaida, lakini mwaka mmoja mbaya hautoshi kusema hivyo.

Tuseme umepata wastani wa tani 3,000. Bilioni 2.4 kwa kilo milioni 3 ni shilingi 800 kwa kilo. Mhasibu ametumia 1,200. Kila kilo iliyo stoo imebeba 400 isiyo yake, na kwa kilo 120,000 hiyo ni milioni 48.

Kabla hujaandika 800, fungua ile bilioni 2.4 uone ndani kuna nini. Kwenye viwanda vya samaki karibu kila mara nakuta umeme wa stoo ya baridi umechanganywa na umeme wa kugandisha. Kugandisha ni hatua ya uzalishaji, gharama yake inaingia. Kuihifadhi minofu iliyokwisha gandishwa na kufungwa kwenye boksi, ikisubiri kontena, ni uhifadhi wa bidhaa iliyokamilika, na IAS 2 inautoa nje ya gharama ya stoo. Kama hakuna mita ndogo ya kutenganisha, mwombe fundi wa majokofu kumbukumbu za saa za kila kompresa na nguvu yake, ugawe bili kwa hizo. Ukikuta milioni 300 ni za stoo, inabaki bilioni 2.1, na kiwango sahihi ni 700 kwa kilo. Stoo sasa imezidishwa kwa milioni 60.

Hapa wakaguzi wengi hupotea. Gharama ambazo hazikubebwa ni 700 mara kilo milioni moja zilizopungua, yaani milioni 700, na mtu hukimbilia kutaka marekebisho ya milioni 700. Sehemu kubwa ilikwisha pita kwenye gharama ya mauzo pamoja na minofu iliyouzwa. Kama mwaka ulianza stoo ikiwa tupu, kinachohama ni milioni 60 tu.

Sasa vibarua. Tuseme kiwango chake ni dakika 12 za kazi kwa kilo, kwa shilingi 1,500 kwa saa, yaani shilingi 300. Pima bei na muda, kila kimoja peke yake. Bei ipime kwa kuchagua majina kwenye orodha ya malipo, ulinganishe na mikataba, halafu uone kama mchango wa mwajiri wa NSSF na tozo nyingine za mishahara zimo. Mara nyingi hazimo, kwa sababu aliyepanga kiwango alitazama fedha inayoingia mkononi mwa kibarua. Tuseme ukizijumlisha saa inafika 1,650.

Muda unahitaji kusimama pale kwenye meza za kuchuna minofu. Kuna kiwanda nilichokikagua ambacho mashine ya alama za vidole ilionyesha vibarua wameingia saa 1 asubuhi, na daftari la mizani likaonyesha gari la kwanza kutoka mwaloni limepimwa saa 5. Saa nne wamekaa kwenye mabenchi na aproni zao, na wamelipwa. Kwenye hesabu zilisomeka kama kazi ya kuchuna. Ukiweka rekodi hizo mbili sambamba kwa siku ishirini hivi, utaona muda wa kusubiri waziwazi. Tuseme kwako kila kilo imekula dakika 18, sita kati yake ni za kusubiri kupita kawaida. Hizo sita zinabaki kwenye matumizi ya mwaka. Stoo inastahili dakika 12 kwa 1,650, yaani shilingi 330. Imepungua 30 kwa kilo, milioni 3.6.

Mwisho ni samaki wenyewe, penye fedha nyingi. Viwango vinaruhusiwa pale tu vinapokaribia gharama halisi. Kwa hiyo kila tofauti iulize imetokana na nini. Mzigo uliooza umeme ulipokatika ni hasara isiyo ya kawaida, uache kwenye matumizi. Bei iliyopanda mwaloni ndiyo bei ya samaki, nayo inaifuata minofu hadi stoo.

Lakini inaifuata bei ya lini? Tuseme kiwango ni 9,000 kwa kilo ya samaki, wastani wa mwaka ni 9,600, na kila kilo ya minofu inatumia kilo 2.4 za samaki. Ukitandaza tofauti ya mwaka mzima utaongeza milioni 172.8, na utakuwa umekosea. Siku ya kuhesabu, soma tarehe ya uzalishaji kwenye maboksi. Kama kampuni inatumia utaratibu wa kinachoingia kwanza kutoka kwanza, na maboksi yote ni ya Novemba na Desemba, unachohitaji ni bei ya miezi hiyo. Ikiwa ni 9,200, nyongeza ni 200 mara 2.4 mara 120,000, yaani milioni 57.6.

Tazama sasa: milioni 60 zimezidi, milioni 61.2 zimepungua. Pengo ni milioni 1.2, ndiyo maana hesabu yake ilikaribia makadirio yako. Kwenye jedwali lako la makosa andika yote matatu, kila moja na kiasi chake, uyafikishe kwa uongozi hivyo. Tena andika kwamba utaratibu wa kupitia viwango haukufanya kazi mwaka mzima, maana hilo linagusa hata hesabu za kila mwezi ambazo benki huzitumia kupima mkopo wao.

Ukishapata gharama mpya, ilinganishe na bei za mauzo ya Januari ukitoa usafirishaji na gharama nyingine za kuuza. Katika mwaka wa samaki ghali, inawezekana baadhi ya maboksi yanauzwa chini ya yalivyogharimu, na hayo yashushwe hadi bei hiyo.