Dodoso na mahojiano: mshono uko wapi?

Wiki hii muuguzi mmoja anayesoma shahada ya uzamili hapa Mbeya ameniandikia. Msimamizi wake amemrudishia andiko la utafiti na kuandika pembeni: "Hizi ni tafiti mbili." Ana dodoso la akina mama 188 na mahojiano ya kina na akina mama 16, anauliza kakosea wapi. Nimesoma maandiko mengi ya aina hii, na kosa huwa lile lile: dodoso liko sura ya nne, mahojiano sura ya tano, na hazisalimiani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Unataka kujua kwa nini akina mama waliojifungua katika kata chache za Rungwe hawarudi kupimwa siku ya saba. Dodoso litakuambia wangapi hawarudi na ni akina nani, lakini sababu litakupa zile tu ulizoziandika wewe kwenye visanduku. Ndiyo maana dodoso linatangulia, kisha mahojiano yanakwenda kuuliza kile ambacho namba zimeshindwa kueleza.

Hesabu ya sampuli haina ugumu. Kanuni ya kawaida ya kukadiria asilimia, kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5, inatoa 384. Kama akina mama wote waliojifungua katika kipindi chako ni 300, unasahihisha kwa kuwa kundi ni dogo, inashuka hadi 169. Ukiacha nafasi ya asilimia 10 ya wasiojibu, unapata 188.

Sasa tuseme matokeo ni haya: kati ya 100 wanaoishi karibu na kituo, 58 hawakurudi, kati ya 88 wanaoishi mbali, 52 hawakurudi. Karibu sawa! Wewe ulikuja na wazo kwamba tatizo ni umbali na tope la mvua, namba zinakukatalia. Hapo ndipo mshono ulipo. Wa kuhojiwa huwachagui kwa kuwa ni wachangamfu au kwa kuwa mhudumu wa afya wa kijiji amekuletea. Unawachagua kutokana na jedwali hilo: nane wanaoishi karibu na hawakurudi, kwa sababu hao ndio fumbo, wanne wa karibu waliorudi, na wanne wa mbali waliorudi, watueleze waliwezaje.

Ili hilo liwezekane, mambo mawili yafanyike kabla ya dodoso la kwanza kujazwa. Kila dodoso lipewe namba ya siri, na orodha inayounganisha namba na jina ifungiwe kabatini peke yake. Pili, fomu ya ridhaa iombe ruhusa ya kumtafuta mama tena. Ukikusanya madodoso yasiyo na jina wala namba, umejifungia mlango. Huwezi kumpata yule wa karibu asiyerudi, na utaishia kuhoji yeyote. Mwongozo wa mahojiano nao unakamilishwa baada ya kuona namba, kwa hiyo iambie kamati ya maadili tangu mwanzo kwamba utaurudisha kwao ukiwa umerekebishwa.

Mama akieleza kwa Kinyakyusa, mwache. Andika alivyosema, chambua, na tafsiri zile nukuu utakazotumia tu. Ukitafsiri yote mapema unachambua maneno ya mkalimani.

Sasa sehemu inayowatisha wengi: mahojiano yanapolipinga dodoso. Tuseme watatu kati ya wale wanne wa karibu "waliorudi" wanasema, "Nilimpeleka mtoto, akapimwa uzito, tukaondoka." Mama mwenyewe hakuguswa. Swali lako lilikuwa "Ulirudi kliniki siku ya saba?" na wamejibu ndiyo kwa ukweli kabisa. Kwa hiyo 42 waliohesabiwa kuwa walirudi ni mchanganyiko wa waliopimwa na waliosindikiza mtoto. Usifiche, wala usiyarekebishe majibu kimya kimya. Huwezi pia kusema ni robo tatu ya wote, maana wanne si sampuli ya kukadiria. Unachoweza ni kurudi kwenye kadi na rejista kuangalia kama presha ya mama iliandikwa siku hiyo, kisha uripoti vyote.

Vyote viwekwe kwenye jedwali moja la safu tatu. Ya kwanza: karibu, 42 walisema walirudi. Ya pili: nukuu ya mama huyo. Ya tatu, ambayo wengi huiacha tupu: dodoso limepima kufika kwa mtoto, si huduma ya mama, umbali haujathibitishwa wala kukanushwa. Sentensi hiyo haitoki kwenye dodoso peke yake wala kwenye mahojiano peke yake, na ndiyo msimamizi wako anayoitafuta.

Angalia pia ulipowapata hao 188. Kama ni kwenye foleni ya chanjo ya wiki ya sita, mama ambaye haji kabisa kituoni hayumo kwenye dodoso, na kwa kuwa wa kuhojiwa wanatoka humo humo, hayumo kwenye mahojiano pia. Huyo utampata kwa kuanzia rejista ya wazazi, umfuate nyumbani.