Barua ya kuomba kodi isipande sana

"Mwenye nyumba anataka kupandisha kodi kutoka 400 hadi 480 kwa mwezi. Kipato changu ni 1,200 na sijawahi kuchelewa kulipa kwa miaka mitatu. Niandike nini?"

Ndugu, kwanza soma mkataba uone unasemaje kuhusu kupandisha kodi na muda wa taarifa. Kisha andika barua ya ukurasa mmoja, na usianze na shida zako. Anza na malipo: "Katika miezi 36 nimelipa kodi yote kwa wakati, nimeambatanisha risiti." Hiyo ndiyo silaha yako kubwa, kwa hiyo hakikisha hakuna mwezi uliokosa risiti. Ukikuta pengo, lijaze kwa taarifa ya benki.

Kipato kitaje kwa sentensi moja tu: kodi ya sasa inachukua theluthi ya mshahara, ya 480 itachukua asilimia 40. Ambatanisha hati ya mshahara, lakini ficha namba ya akaunti.

Halafu taja kiasi, maana ukiandika "naomba unipunguzie" umemwachia yeye apange. Mimi ningeandika: "Naomba iwe 430 kuanzia mkataba mpya, nami nitasaini wa miaka miwili." Tofauti na anachotaka ni 600 kwa mwaka. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja tu, anapoteza 480, bado rangi na dalali. Hesabu hiyo usiiandike kama tishio. Iweke akilini kwa mazungumzo.

Omba jibu kwa maandishi, ubaki na nakala.