Katiba inasema milioni 10, benki kuna milioni 7: mtaji ni upi?

"Katiba ya kampuni yetu ina hisa 10,000 za sh 1,000. Sisi wawili tulichukua 4,000, mwenzetu mpya akalipa milioni 3 kwa hisa 1,000. Kwenye mizania niandike mtaji kiasi gani?"

Habari ndugu. Andika milioni 5.

Ile milioni 10 ni mtaji ulioidhinishwa, yaani kikomo cha hisa mnazoruhusiwa kutoa. Si fedha, wala si deni la mtu. Itaje kwenye maelezo ya hesabu tu, usiijumlishe popote.

Kinachohesabika ni hisa zilizotolewa: 4,000 zenu na 1,000 za mwenzenu, kila moja kwa thamani ya jina, sh 1,000 iliyo kwenye katiba. Yeye alinunua kwa sh 3,000 kila hisa. Basi katika milioni 3 yake, milioni 1 inaingia mtaji wa hisa, na milioni 2 inakwenda akaunti ya ziada ya bei ya hisa. Hiyo nayo ni fedha ya wanahisa, ila msiigawe kama gawio; si faida.

Mteja wangu mmoja aliingiza zote kwenye mtaji. Niligundua kwa kugawa mtaji kwa idadi ya hisa. Kwenu ingekuwa milioni 7 kwa hisa 5,000, yaani sh 1,400, wakati katiba inasema 1,000. Fanya hesabu hiyo kwanza.

Tena mweleze mwenzenu mapema: ana asilimia 20, hisa 1,000 kati ya 5,000, ingawa fedha yake ni karibu nusu ya iliyoingia. Hapo ndipo ugomvi huanzia.