Miguu ya mama imevimba: ni matende ya mbu au ni udongo?

*Daktari, mama yangu ni mkulima huku Kapsokwony, Mlima Elgon. Miguu yake yote imevimba kuanzia vidoleni, mwaka wa ishirini sasa. Alipimwa damu mchana, wakasema hakuna vijidudu vya matende. Jirani anasisitiza ni matende ya mbu, atafute dawa za minyoo. Mdogo wangu wa miaka 17 naye analalamika nyayo zinawaka usiku. Tufuate lipi?*

Dada, kipimo hicho kiweke kando kwanza, maana hakijathibitisha wala kukanusha lolote. Vijidudu vya matende ya mbu, yaani watoto wa minyoo wanaoenezwa na mbu, huingia kwenye damu ya pembeni usiku, hasa kati ya saa nne na saa nane, kwa hiyo damu ya mchana huweza kutoka safi hata kwa mwenye minyoo. Kipo kipimo cha tone la damu ya kidoleni kinachofanya kazi saa yoyote, lakini mguu uliovimba miaka mingi huweza kubaki hivyo hata baada ya minyoo wenyewe kufa. Ndiyo maana kwa mgonjwa kama mama, historia na macho ya daktari hupita maabara.

Nianze na mahali uvimbe ulipoanzia. Ule wa udongo, uitwao podokoniosi, huanza vidoleni na kwenye nyayo, ukapanda polepole, na kwa kawaida hauvuki goti. Hushika miguu yote miwili, ingawa mmoja huwa mkubwa kuliko mwenzake. Matende ya mbu mara nyingi huchagua mguu mmoja, yanaweza kuanzia juu, tezi za kinena huvimba mapema, na wanaume wengi hupata mabusha. Tena hapa Kenya ugonjwa huo makao yake ni Pwani: Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu. Kama mama hajawahi kuishi huko, hoja ya jirani inazidi kudhoofu.

Udongo mwekundu wa volkano, kwenye nyanda za juu zenye mvua nyingi kama Elgon, una chembe laini sana za madini. Mtu akitembea pekupeku miaka na miaka, chembe hizo hupenya ngozi ya wayo, na seli za kinga huzibeba hadi kwenye mishipa ya limfu, ile inayoondoa maji yanayobaki mguuni. Mishipa huvimba, hupata kovu, huziba, na maji hukwama mguuni. Daktari Ernest Price ndiye aliyezikuta chembe hizo kwenye tezi za wagonjwa huko Ethiopia. Si kila anayelima pekupeku huugua, kwani wepesi wa kuupata hurithiwa katika ukoo.

Mketishe mama mchana, ujaribu kufinya na kuinua ngozi iliyo juu ya kidole cha pili cha mguu. Isipoinuka, maji yamekwama kwenye limfu, si uvimbe wa kawaida wa moyo au figo. Hilo halitenganishi udongo na mbu, lakini vinundu vigumu vilivyosongamana kwenye vidole na ukingo wa wayo kama ganda la fenesi vinaelekea zaidi kwenye udongo. Mguse pia nyayo kwa pamba akiwa amefumba macho. Asiposikia, aonwe haraka, kwa sababu ukoma nao huharibu miguu.

Kwa maelezo yako, naelekea kwenye podokoniosi, na dawa za minyoo hazitaupunguza uvimbe huo. Kinachosaidia ni beseni. Aoshe miguu kila siku kwa sabuni, kisha ailoweke nusu saa katika lita 6 za maji yaliyotiwa vijiko vinne vya chai vya jiki isiyo na manukato, ya asilimia 3.5. Akaushe vizuri katikati ya vidole, hapo ndipo bakteria huingilia, apake vaselini, halafu akiketi ainue miguu. Bandeji afungwe kwanza na aliyefunzwa. Siku mguu ukiwa wa moto, unauma na ana homa, asifunge chochote, apumzike, aende zahanati siku hiyohiyo apewe antibiotiki. Vinundu visikatwe na wembe nyumbani.

Viatu viwe vya kufunika mguu wote, na soksi. Pati-pati huacha udongo ukiingia. Gambuti za shambani zinafaa mradi avue na kuosha miguu akirudi, na kama sakafu ya nyumba ni ya udongo, asivue akiwa ndani.

Uvimbe wa mama wa miaka ishirini utapungua, ila usitarajie uishe. Mdogo wako ndiye wa kukimbilia. Nyayo kuwaka usiku, kuwashwa kati ya kidole gumba na cha pili, uvimbe unaokwisha asubuhi: hatua hiyo bado hurudi nyuma mtu akivaa viatu na kuosha miguu. Mpeleke aonwe wiki hii, na aende shuleni na shambani na viatu vilivyofungwa.